Nondo Tatu Chini, Mbili Juu

Kabrasha la michoro ya nyumba ya ghorofa lina karatasi ambazo mtu yeyote anazielewa. Ramani ya vyumba inajieleza, sura ya mbele ya nyumba inajieleza, na hata ngazi utaiona bila kuonyeshwa. Ukifika kwenye karatasi za injinia wa majengo, mambo hubadilika. Unakuta mstatili mdogo uliosimama wima, ndani yake mstatili mwingine wenye pembe za mviringo, na ndani ya huo wa pili kuna vidoa vyeusi: viwili juu, vitatu chini. Pembeni yake pameandikwa hivi:

```
2T12-02-T
26R8-03-200
3T16-01-B
```

Huo ni mkato wa bimu ya zege. Wenye nyumba wengi huufunua haraka na kwenda karatasi inayofuata, wakiamini hayo ni ya fundi na injinia. Lakini nyumba inajengwa kwa fedha zao, na zege likishamwagwa hakuna jicho litakaloona tena kilichomo ndani. Nafasi ya kuhakikisha ni moja tu, kabla ya kumwaga, na anayejua kusoma mstatili huo anaweza kuitumia. Tuuchukue basi mkato huu mmoja, wa bimu ya kawaida kabisa yenye upana wa milimita 230 na kimo cha milimita 450, iliyolala juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 5, tuusome mpaka mwisho.

Kusoma kilichoandikwa

Fikiria bimu imekatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, na wewe umesimama mbele ya uso uliokatwa. Mstatili wa nje ni ukingo wa zege. Mstatili wa ndani ni ringi, ile nondo nyembamba iliyokunjwa pembe nne na kuzunguka nyingine zote. Vidoa ni vichwa vya nondo ndefu zinazokwenda kutoka nguzo hadi nguzo. Unaziona kama vidoa kwa sababu zimekatwa pamoja na zege.

Maandishi yanafuata mpangilio wa Kiingereza uliorithiwa na ofisi nyingi za uhandisi za Afrika Mashariki. Chukua mstari wa mwisho, `3T16-01-B`. Tarakimu ya kwanza ni idadi: nondo tatu. Herufi T inataja aina ya chuma, yaani nondo ngumu yenye mbavu mbavu, na baadhi ya michoro huandika Y au H mahali pake. Tarakimu 16 ni unene kwa milimita. Namba 01 ni jina la nondo hiyo kwenye orodha ya kukatia na kukunjia, ili fundi ajue urefu na umbo lake. Herufi B ya mwisho inasema nondo hizi zinakaa chini.

Mstari wa kwanza, `2T12-02-T`, ni nondo mbili za milimita 12, na hapa T ya mwisho ina maana nyingine kabisa na ile ya katikati: inasema zinakaa juu. Usizichanganye. Iliyo kabla ya unene ni aina ya chuma, iliyo mwishoni ni mahali. Mstari wa kati ni ringi 26 za chuma laini cha milimita 8, zilizopangwa kila baada ya milimita 200. Ukigawa mita 5 kwa milimita 200 unapata nafasi 25, na nafasi 25 zinahitaji ringi 26.

Kwa hiyo mchoro umeshatuambia jambo lenye uzito: chuma hakikugawanywa sawa. Nondo tatu nene zimepelekwa chini na mbili nyembamba zimeachwa juu. Ukijumlisha chuma cha chini unapata milimita za mraba 603, na cha juu 226. Kwa nini injinia aupendelee upande mmoja kiasi hicho?

Kinachotokea bimu ikibeba

Chukua kipande kirefu cha sponji ya godoro. Ubavuni chora kwa kalamu mistari ya wima iliyoachana sawasawa, kisha kiweke juu ya matofali mawili na ukandamize katikati kwa kidole. Utaona mistari ikikaribiana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Juu sponji inabanwa, chini inavutwa. Kati ya juu na chini pana mahali ambapo nafasi kati ya mistari haikubadilika, kwa sababu pale hakuna kubanwa wala kuvutwa.

Bimu ya zege hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ukipanda juu ya ghorofa, ukaweka kabati, ukajenga ukuta wa chumba, bimu iliyo chini yako inajipinda kidogo. Nusu yake ya juu inabanwa na nusu ya chini inavutwa, na anayevutwa zaidi ni yule aliye chini kabisa.

Zege linapenda kubanwa. Zege zuri la kawaida la nyumba, lile ambalo injinia huliandika daraja la 25, hubeba kama kilo 250 kwenye kila sentimita ya mraba kabla ya kupondeka. Lakini likivutwa ni dhaifu mno. Uwezo wake hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya huo. Kokoto na mchanga vimeshikwa na saruji iliyoganda, na mshiko huo unaachia mapema unapovutwa. Nondo ya aina ya T, kwa upande wake, huvumilia kuvutwa kwa zaidi ya kilo 4,500 kwa sentimita ya mraba kabla ya kuanza kulegea.

Tukiijenga bimu yetu kwa zege tupu bila nondo, itajibeba yenyewe, maana uzito wake ni kama kilo 250 kwa kila mita. Ukianza kuiongezea mzigo, itavunjika ikiwa imefika kama robo tu ya mzigo tunaoukusudia. Itavunjika ghafla pia: ufa unaanza chini katikati, unapanda juu mara moja, na bimu inaanguka vipande viwili. Zege la juu halitakuwa limechoka hata kidogo. Limeangushwa na udhaifu wa zege la chini.

Watu waliligundua hili hatua kwa hatua. Mwaka 1854 mpiga lipu mmoja wa Newcastle, Uingereza, William Wilkinson, aliandikisha hataza ya sakafu za zege zilizotiwa kamba za chuma, naye aliziweka upande wa chini unaovutwa. Mmarekani Thaddeus Hyatt alizifanyia bimu za zege na chuma majaribio katika maabara ya David Kirkaldy jijini London, akachapisha matokeo yake mwaka 1877. Mfaransa François Hennebique alipopata hataza yake mwaka 1892, bimu zake zilikuwa na nondo za chini na vyuma vya wima vya kuzishika. Ukitazama mkato wa bimu zake, utatambua kwamba ni ndugu wa mchoro ulio mkononi mwako.

Tani 26 za kuvuta

Sasa tuweke namba, ili tuone kwa nini nondo ziwe tatu na kwa nini ziwe za milimita 16.

Tuseme bimu yetu inabeba tani 3 kwa kila mita. Humo mna uzito wake yenyewe, slabu, sakafu, kuta, watu na vyombo, pamoja na nyongeza ya usalama ambayo injinia huiweka juu ya mzigo halisi. Kwa mita 5 jumla ni tani 15. Kila nguzo inasukuma kwenda juu kwa tani 7.5.

Simama katikati ya bimu na utazame nusu moja tu, yenye urefu wa mita 2.5. Kwenye ncha yake nguzo inaisukuma juu kwa tani 7.5. Mzigo wa nusu hiyo, nao tani 7.5, unaisukuma chini, na kitovu chake kiko mita 1.25 kutoka pale uliposimama. Nguvu mbili hizo zinajaribu kuizungusha nusu hiyo ya bimu, na ukubwa wa mzunguko huo ni:

```
7.5 × 1.25 = 9.4 (tani-mita)
```

Kitu cha kuuzuia mzunguko huo lazima kiwemo ndani ya bimu yenyewe, pale katikati. Kipo: zege la juu linabanwa kuelekea upande mmoja na nondo za chini zinavuta kuelekea upande wa pili. Nguvu hizo mbili ziko sawa kwa ukubwa, lakini ziko mbali moja na nyingine, na umbali huo ndio unaozipa uwezo wa kuzuia mzunguko. Waite mkono wa bimu. Mkono ukiwa mrefu, nguvu ndogo inatosha. Ukiwa mfupi, inahitajika nguvu kubwa.

Mkono wa bimu yetu tunaupata hivi. Kimo ni milimita 450. Toa milimita 25 za zege linalofunika chuma, toa milimita 8 za ringi, toa nusu ya unene wa nondo ambayo ni milimita 8. Zinabaki 409, nao ni umbali kutoka juu ya bimu hadi katikati ya nondo za chini. Zege linalobanwa juu lina kina cha kama milimita 100, na katikati yake ni kama milimita 51 kutoka juu. Ondoa 51 kwenye 409, unapata mkono wa milimita 358, sawa na mita 0.36 hivi.

```
9.4 ÷ 0.36 = 26 (tani)
```

Hizo ndizo nguvu zinazovuta chini ya bimu: tani 26. Ukizigawa kwa nondo tatu, kila moja inavutwa kwa tani 8.7 hivi. Nondo ya T yenye unene wa milimita 16 huanza kulegea ikifika kama tani 9.4, na kanuni humruhusu injinia atumie kasoro kidogo ya tani 9. Hesabu imekaa. Mbili hazingetosha, na nne zingekuwa za ziada. Mwandishi wa `3T16-01-B` hakubahatisha.

Kitu gani kingetokea zikipanda

Chukua nondo zile zile tatu, kwa bei ile ile, ukaziweke katikati ya kimo cha bimu, milimita 225 kutoka juu. Chuma hakijapungua hata gramu moja. Lakini mkono sasa ni 225 ukitoa 51, yaani milimita 174. Kutoka 358 umeshuka hadi 174, na uwezo wa bimu umeshuka nao hadi chini ya nusu. Mzigo uliokusudiwa haujapungua.

Ukizipandisha hadi juu kabisa, zitakuwa katika zege linalobanwa, mahali ambapo zege lilikuwa linajitosheleza. Chini patabaki nondo mbili za milimita 12, kama fundi aligeuza kapu lote la nondo kichwa chini, na hizo zitaweza kubeba kama asilimia 40 tu ya mzigo. Kosa hili hutokea kwa kuwa kapu lililogeuzwa ni rahisi kulikosa kwa macho. Ringi ni zile zile, waya wa kufungia ni ule ule, idadi ya nondo ni ile ile tano. Mwenye kuhesabu nondo bila kutazama ziko upande gani ataona kila kitu ni sawa.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Nondo za chini huanza kazi yao kwa ukamilifu baada ya zege la chini kupasuka. Kabla ya hapo zege linavutwa kidogo pamoja nazo, kisha linaachia, na nyufa nyembamba kama unywele zinajitokeza. Tangu hapo chuma ndicho kinachoshika. Kwa hiyo nyufa nyembamba za wima chini ya bimu, katikati ya urefu wake, ni za kawaida. Injinia huzikadiria na kwa kawaida hulenga zisipite upana wa milimita 0.3. Mbavu za nondo zinasaidia sana hapo: zinaing'ata saruji, na badala ya ufa mmoja mpana unapata nyufa nyingi nyembamba zisizodhuru.

Bimu iliyosukwa kama hii ina hulka nyingine nzuri. Ikizidishiwa mzigo kupita kiasi, nondo ndizo zinazolegea kwanza, taratibu. Bimu inashuka, nyufa zinapanuka, na wenye nyumba wanapata muda wa kuona na kutoka. Ndiyo maana si busara kumwambia fundi aongeze nondo nene za chini kwa kudhani unaongeza usalama. Chuma kikizidi mno, zege la juu ndilo litakalopondeka kwanza, na zege halitoi onyo.

Ringi na zile mbili za juu

Nondo mbili za juu za milimita 12 zina kazi ya kuzishika ringi pembe zake zisianguke, ili kapu zima lisimame. Zinasaidia pia kuzuia nyufa ndogo za kukauka kwa zege. Kwa bimu iliyolala juu ya nguzo mbili tu, hazihitajiki kwa kuvuta.

Ringi zina kazi yake. Karibu na nguzo, zege linajaribu kupasuka kwa mshazari, kutoka chini karibu na nguzo kupanda kuelekea katikati ya bimu. Ringi zinaukatiza ufa huo na kuushona kutoka juu hadi chini. Ndiyo sababu ufa wa mshazari karibu na nguzo unatisha kuliko nyufa nyembamba za wima katikati. Ukiuona, usiusubiri upanuke; mwite injinia.

Upande unaovutwa ukihama

Mpaka hapa mtu anaweza kuondoka na kanuni fupi: nondo nene ziwe chini. Kanuni hiyo ni ya hatari, kwa sababu injinia hufuata upande unaovutwa, na upande huo huhama.

Tuseme bimu yetu haiishii kwenye nguzo ya pili bali inaendelea mita 5 nyingine hadi nguzo ya tatu. Katikati ya kila mita 5 bado inabonyea, na chini bado kunavutwa. Juu ya nguzo ya kati hali ni kinyume. Bimu inashuka upande huu na upande ule, na pale juu ya nguzo inajipinda kama mgongo. Hapo juu ndiko kunakovutwa na chini ndiko kunakobanwa.

Kwa sababu hiyo mchoro wa bimu ndefu una mikato miwili au zaidi. Kwenye mchoro wa ubavuni utaona mishale imeandikwa 1-1 katikati ya bimu na 2-2 karibu na nguzo. Mkato 1-1 una vidoa vitatu vinene chini. Mkato 2-2 unavyo juu. Nondo hizo za juu zinapita juu ya nguzo na kuingia pande zote mbili, mara nyingi kiasi cha robo ya urefu wa bimu kila upande, kisha zinakoma. Fundi akichukua mkato 1-1 na kuutumia bimu nzima, bimu itapasuka juu ya nguzo. Ufa huo huenda usiuone, kwa kuwa umefichwa na sakafu ya ghorofa ya juu.

Mahali ambapo jambo hili linaumiza zaidi ni baraza la ghorofani, lile linalotokeza nje bila nguzo mbele yake. Baraza hilo limeshikwa upande mmoja tu. Likibebeshwa, ncha yake inashuka, na sehemu ya juu pale linapotoka ukutani inavutwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nondo zake za kazi zote ni za juu.

Kijana aliyekuwa akifunga nondo kwenye baraza la namna hiyo aliwahi kumuuliza fundi wake mbele yangu, "Mzee, hizi zisingekaa chini kama za kule ndani, tusihangaike na viti?"

Fundi akamwonyesha mkono wake ulionyooka mbele. "Kule ndani pana nguzo pande zote, mwanangu. Hapa mbele ni hewa tupu. Likitaka kuvunjika litaanzia juu, hapa ukutani. Chuma kikilala chini hakina cha kushika."

Viti alivyovitaja kijana ni vipande vya nondo vilivyokunjwa kwa kusimamisha wavu wa juu usilale. Ukikosa viti, au vikiwa vichache, watu wanaosukuma toroli na kukanyaga wakati wa kumwaga zege huulaza wavu bila kujua. Angalia inavyogharimu. Slabu ya baraza yenye unene wa milimita 150 na nondo za milimita 12 kila baada ya milimita 200 ina mkono wa kama milimita 108. Wavu ukishuka milimita 50 tu, mkono unabaki 58. Karibu nusu ya uwezo imepotea kwa upana wa vidole vitatu. Kwenye bimu yetu yenye kimo cha milimita 450, kosa lile lile la milimita 50 lingegharimu kama asilimia 14. Kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo kila milimita inavyokuwa ghali.

Karibu na ukingo, lakini ndani yake

Kama mkono mrefu ni bora, mtu atauliza: kwa nini nondo zisilazwe kabisa juu ya ubao wa chini, tupate milimita 25 zaidi? Zile milimita 25 ni kava, zege linalofunika chuma, na hupimwa kutoka uso wa zege hadi chuma kilicho nje zaidi, yaani ringi.

Kava ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuishika nondo. Chuma kilichofunikwa upande mmoja tu hakina pa kung'ata, na nondo ikivutwa itateleza. Ya pili ni kuikinga na moto kwa muda, maana chuma kikipata joto kali hupoteza nguvu. Ya tatu ni kuikinga na kutu. Ndani ya zege zuri chuma hakishiki kutu kwa urahisi, kwa sababu saruji iliyoganda ina tindikali kidogo mno na magadi mengi. Hewa ikipenya polepole kwa miaka huuondoa ulinzi huo, na chumvi huuvunja kwa haraka zaidi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, hivyo huisukuma kava kutoka ndani mpaka inabanduka. Nenda kwenye majengo ya zamani ya pwani yanayotazama bahari, Mombasa au Dar es Salaam, uinue macho chini ya mabaraza. Mistari ya kahawia na nondo zilizo uchi zimefuata njia hiyo.

Ndiyo maana michoro ya nyumba zilizo karibu na bahari huweka kava kubwa, na injinia ameshahesabu mkono uliopungua. Kwa bimu yetu, kila milimita 25 za kava ya ziada zinapunguza mkono kwa kama asilimia 7. Fundi asichukue kava ya mchoro mmoja kuipeleka kwenye mchoro mwingine. Asipunguze kwa kubana nondo, asiongeze kwa kudhani anasaidia.

Kupima kabla ya kumwaga

Siku moja kabla ya zege, nenda saiti na mchoro na futi kamba. Anza na bimu. Tafuta mkato unaohusu pale uliposimama, kisha hesabu nondo za chini na za juu kila moja peke yake, ukipima unene. Halafu ingiza futi kati ya ubao wa chini na ringi. Kama mchoro unasema kava 25, usione sifuri na usione 50. Ringi lazima iwe imekalia biskuti, vile vitofali vidogo vya saruji vilivyotengenezwa kwa unene wa kava, takribani kila mita moja. Kipande cha mbao kitaoza na kuacha tundu, na kipande cha nondo kitaleta kutu hadi kwenye uso. Pima pia ubavuni, kwa sababu kapu likiegemea upande mmoja kava ya upande huo hupotea.

Tazama nafasi kati ya nondo. Katika bimu yetu, upana wa milimita 230 ukitoa kava na ringi pande zote mbili unaacha 164, na nondo tatu zinaacha nafasi za milimita 58 kati yao. Kokoto za milimita 20 zitapita bila shida. Ukiona nondo zimefungwa zikigusana, zege halitazizunguka, na chini patabaki matundu mahali ambapo chuma kilihitaji kushikwa zaidi.

Kwenye baraza, vuta uzi kutoka ukingo mmoja wa mbao hadi mwingine kwa usawa wa uso wa zege linalokuja, kisha pima kutoka kwenye uzi kushuka hadi kwenye nondo. Panda juu ya wavu mwenyewe. Kama unabonyea chini ya miguu yako, viti havitoshi, na utabonyea zaidi chini ya toroli. Tandaza mbao za kupitia, na mtu mmoja awe na kazi ya kuinua wavu na kupima tena zege linapokaribia.

Usipopima wakati huo, kuna vifaa vya sumaku vinavyoweza kutafuta nondo ndani ya zege lililokwisha kukauka na kukadiria kina chake. Vitakuambia kosa lilipo, na havitalirekebisha. Kulirekebisha kunamaanisha kuweka nguzo, kuongeza bimu ya chuma, au kuvunja na kuanza upya. Kwa hiyo ukikuta nondo za `B` ziko juu, au za `T` zimelala chini, simamisha umwagaji hata kama lori la kokoto limeshafika na mafundi wameshalipwa. Kufungua waya na kugeuza kapu ni kazi ya asubuhi moja.